Mama Haongei Hivi Dukani

Duka lenyewe liko komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, njia ya pili kutoka sokoni. Msomaji wa mbali ajue kwamba Kenya hii ni sehemu ya mji wetu, si nchi. Ni chumba kimoja: kaunta ya mbao, magunia ya unga wa mahindi ya kilo 25 yaliyopandana hadi karibu na dari, ndoo mbili za ndakala wakavu, na meka, kile kipimo cha bati, kimelala juu ya unga pamoja na kijiti cha kusawazishia. Nimekuwa mteja wa hapo kwa miaka tisa.

Mama mwenye duka ana sauti ya chini. Ukiingia anakuuliza nyumbani wameamkaje kabla hujataja unga. Gunia likiwa limekaa sana anakuambia mwenyewe, "Hilo liache, ngoja la kesho." Akipima kwa meka, hupitisha kijiti mbele ya macho yako, kisha hutupia kiganja kimoja juu, matabishi yako. Kwa sababu hiyo watu wanapita maduka matatu kumfikia yeye. Lakini tangu bintiye aanze kumwandikia statu ya WhatsApp, Mama amepata mdomo wa pili. Nanukuu moja kama ilivyokuwa:

"PROMO!!! PROMO!!! PROMO!!! UNGA NAMBA MOJA MJINI!!! BEI YA KUTUPA!!! TUNAUZA KILA KITU!!! MPAKA UTAFUNGWA TENA, WAHI MBIO!!! USIAMBIWE!!! BEI INBOKSI!!!"

Siku hiyo zilikuwa statu kumi na nne, nyingi zikiwa na picha za miali ya moto. Nilimwambia Mama kwamba sikumtambua. Akasema, "Njoo Jumapili, baada ya misa. Nitaita na wengine, mseme mbele ya mtoto, maana mimi peke yangu hanisikii."

Tulikuwa sita nyuma ya duka: Mama, bintiye anayesoma mambo ya biashara chuo kikuu, mwalimu mstaafu, mzee mchora vibao, kijana anayetengeneza simu na kuuza mega pembeni mwa barabara, na mimi. Wa saba alikuja baadaye bila kualikwa.

KIJANA WA SIMU: Mimi naanza, kwa sababu nitarudi kazini. Mnamlaumu dada bure. Kelele zinafanya kazi. Tazameni hapa chini, penye jicho: watu 96 wameona. Ungeandika kwa upole, nani angesimama? Watu wana statu za marafiki, za kanisa, za mpira. Usipopiga kelele unapitwa.

MZEE MCHORA VIBAO: Hiyo ni statu ya ngapi kati ya kumi na nne?

KIJANA WA SIMU: Ya kwanza.

MZEE: Na ya tano?

Binti alitelezesha kidole, akasita kidogo kabla ya kusoma. Ya tano ilikuwa na watu 41. Ya mwisho, ile iliyokuwa na picha ya unga wenyewe na jina la aina yake, ilikuwa na 9.

KIJANA WA SIMU: Wapo waliozima alama za kusoma, Papa. Hao hawahesabiwi kwenye jicho.

MZEE: Sawa, nakubali. Lakini aliyejificha kwenye ya kwanza amejificha na kwenye ya mwisho. Hesabu inaporomoka vilevile. Watu 96 walifungua mlango, wakasikia kelele, 87 wakaondoka kabla ya kuona bidhaa. Mtoto wangu, duka lingekuwa hivyo ungelia.

Hapa kijana alikuwa na nusu ya ukweli, na ni vizuri kumpa nusu yake. Ni kweli kwamba statu inashindana na statu nyingine. Lakini mteja wa kudumu hashawishiwi asimame. Amekwisha simama, maana akiona jina la Mama anagusa mwenyewe. Anachohitaji ni kukipata kile alichokuja kukitafuta kabla kidole chake hakijachoka. Duara la statu juu ya picha ya Mama lilikuwa limekatika vipande vidogo kumi na vinne, na yeyote anayeishi kwa kuhesabu mega zake akiona vipande vile anajua gharama yake.

Kijana huyohuyo ndiye aliyetupa jambo ambalo wengine hatukulijua. Alieleza kwamba statu haimfikii kila mtu: sharti Mama awe amehifadhi namba ya mteja, na mteja awe amehifadhi namba ya Mama. Upande mmoja ukikosa, hakuna kinachoonekana. Mama alinyanyuka, akaleta daftari lake, lile ambalo wateja wa kila mwezi wameandikwa kwa kalamu ya bluu. Katika ukurasa wa kwanza yalikuwapo majina ishirini. Binti aliyatafuta moja moja kwenye simu akapata saba. Waliobaki kumi na watatu, watu wanaonunua gunia kila mwisho wa mwezi, hawakuwahi kuona statu hata moja. Na simu ilijaa namba za watu walioulizia bei mara moja wakapotea.

MAMA: Kumbe tulikuwa tunapigia kelele wapita njia.

BINTI: Nilidhani ndiyo kazi ya matangazo, Mama. Kuita.

MZEE: Kuita ni kazi ya kibao. Mimi nimechora vibao vya maduka tangu mji huu ukiwa chini ya Mobutu. Mwenye duka alinilipa kwa herufi, kwa hiyo alifikiri kabla ya kuongeza neno. Na neno likishapakwa ukutani hukaa miaka kumi, kwa hiyo hatukuandika kamwe "leo" wala "bei imeshuka". Tuliandika jina na kinachopatikana, basi. Hii yenu ni kinyume. Inakufa baada ya saa 24. Kitu kinachokufa kesho kinapaswa kusema habari ya leo. Ninyi mmechukua maneno ya ukutani, "namba moja mjini", mkayaweka kwenye kitu cha siku moja. Ndiyo maana hayana ladha.

Sijasikia mtu akilisema jambo hili vizuri kuliko mzee yule. "Namba moja mjini" ilikuwa kweli jana na itakuwa kweli kesho, au haikuwa kweli siku yoyote. Kwa vyovyote mteja hapati kitu cha kufanya nacho asubuhi ya leo. Anachotaka kujua ni kama unga wa rola umefika, au ni brekfasti tu. Wanaokula bukari kila siku wanajua tofauti: brekfasti ni mweupe, umechekechwa sana, rola una pumba zaidi. Mwenye watoto saba hatafuti ule anaoutafuta mwenye mgeni wa heshima. Katika statu kumi na nne, aina ya unga ilitajwa mara moja tu, kwenye ile iliyoonwa na watu tisa.

MWALIMU: Mimi shida yangu ni lugha. Sijui nani alimfundisha mtoto huyu Kiswahili cha namna hii.

BINTI: Nilichukua kwenye kurasa za wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Papa Mwalimu. Wao wanaandika vizuri.

MWALIMU: Kwao ni vizuri. Hapa umeandika "tunauza kila kitu". Waulize wateja wa mama yako wameelewa nini.

Mama akacheka kwa aibu, akasimulia. Wiki mbili nyuma mwanamke alishuka kwenye pikipiki na magunia mawili ya mahindi kutoka shambani, upande wa barabara ya Likasi. Aliambiwa na dada yake kwamba duka hili "linauza kila kitu". Kwa msomaji wa Tanzania kisa hiki hakina maana, basi nieleze: katika Kiswahili cha Lubumbashi, kuuza ni kununua. Anayetoa mali na kupokea feza anauzisha. Mwanamke yule alikuja kuuzisha mahindi yake kwa duka linalotangaza kwamba linauza. Alipoambiwa hapana, alidhani Mama anamkataa kwa dharau.

MWALIMU: Kwa hiyo dawa ni kuandika Kiswahili sanifu sawasawa, na kidogo kidogo watu watajifunza. Shuleni tunafundisha hivyo. Statu nayo ni maandishi. Maandishi yana adabu yake.

MZEE: Mwalimu, "tunauza" ndiyo sanifu yenyewe. Ndiyo iliyomleta yule mama na magunia.

MWALIMU: Basi waandike Kifaransa.

MAMA: Nusu ya wateja wangu wanasomewa na watoto wao. Kifaransa watoto watakisoma, lakini bibi atasema, "Nani huyo anayeongea? Si mama wa duka."

Nilimwona mwalimu akinyamaza, na sidhani kwamba alishindwa. Ana haki kuogopa kwamba mji mzima utaandika kila mtu anavyotaka, na tahajia itakuwa vurugu. Lakini swali la siku ile lilikuwa dogo kuliko hofu yake: ni sauti ya nani mteja anaitarajia katika statu hii? Mzee akaleta njia nyepesi. Alimwambia binti amwangalie mama yake mchana kutwa na ahesabu ni mara ngapi anatamka kuuza au kuuzisha. Binti alijibu papo hapo kwamba hatamki kabisa. Mama husema "tuko na bunga" au "hatuna". Neno lililoleta ugomvi wote halikuhitajika.

Hapo ndipo alipoingia yule wa saba, mwanamke anayepika malewa karibu na kituo cha basi, mteja mkubwa wa unga na ndakala. Alisimama mlangoni bila kuketi.

MAMA WA MALEWA: Nimesikia mmeitana juu ya statu. Mkitaka kunisema juu ya deni langu, nisemeni nikiwepo.

MAMA: Deni gani tena? Tunaongea juu ya maandishi.

MAMA WA MALEWA: Maandishi ndiyo hayo. Mwezi uliopita mliandika, "WENYE MADENI MLIPE, MNAJIJUA!!!" Nilisomewa na mteja wangu, sahani ya bukari iko mkononi mwake. Akanitazama. Nilikuwa na deni la magunia mawili, na siku ya kulipa ilikuwa haijafika. Tangu siku ile nanunua sokoni.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Binti aliinamisha uso. Mimi niliandika kwenye karatasi yangu kwamba, kati ya statu zote tulizosoma, hii ndiyo iliyoligharimu duka zaidi, na haikuwa na kosa la tahajia wala la bei. Mama wa malewa alikuwa amekosea kuhusu sababu ya kikao, lakini alituletea kiini chake. Statu haina uso wa kuiangalia. Ukiandika "mnajijua", kila mwenye deni la mia tano na kila asiye na deni anahisi kidole. Dukani Mama hajawahi kudai mbele ya mtu wa tatu. Humngoja mteja atoke, humfuata hadi barabarani, humwambia taratibu.

MAMA: Unisamehe, yaya. Lakini niambieni na ninyi, nitalipwaje? Nikinyamaza wananisahau.

KIJANA WA SIMU: Mwandikie mtu mmoja mmoja, Mama. Ujumbe wa siri.

MAMA: Watu kumi na wanane?

MZEE: Kumi na wanane. Ndiyo kazi ya mkopo, mama. Ulipowapa uliwapa mmoja mmoja.

Jambo hili halikumalizika. Mama bado anaona ni kazi kubwa, na nadhani wengine mnaosoma mtakuwa upande wake. Mimi niko upande wa mzee.

Tukageukia ule mstari wa mpaka. Mtu asiyeishi hapa hawezi kujua kwa nini "mpaka utafungwa" hutetemesha nyumba. Unga mwingi unaoliwa Lubumbashi hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, umbali wa kilomita 90 hivi. Mwaka 2024 ulikuwa mbaya: ukame uliharibu mahindi ya Zambia, na mwezi wa Agosti, kwa sababu ya ugomvi juu ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, serikali ya Zambia ilifunga vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Ilikuwa kwa siku chache tu, kisha vikafunguliwa. Lakini siku hizo chache duka letu liliandika, "MPAKA UMEFUNGWA!!! NUNUA LEO, KESHO HAKUNA!!!"

BINTI: Na hapo sikudanganya. Mpaka ulikuwa umefungwa kweli. Redio zilisema.

MZEE: Nyuma ya duka kulikuwa na magunia mangapi siku ile?

MAMA: Arobaini na kitu.

MZEE: Uliandika arobaini?

BINTI: Hapana.

Mzee hakuongeza neno. Nitaongeza mimi, kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliokimbia. Nilikopa kwa shemeji nikanunua magunia mawili, moja zaidi ya mahitaji yangu, kwa bei iliyokuwa imepanda asubuhi ileile. Lori zilipoanza kupita tena bei ikashuka, na gunia langu la pili likaingia wadudu. Habari ya mpaka ilikuwa kweli; neno "kesho hakuna" halikuwa kweli, maana kesho ya duka hili ilikuwa imelala nyuma ya pazia, magunia arobaini. Binti alichanganya habari ya nchi na habari ya duka. Ya nchi sote tulikuwa nayo. Ya duka alikuwa nayo yeye peke yake, na ndiyo aliyoificha.

Tulijaribu kuandika upya ujumbe wa siku ile kana kwamba Agosti 2024 imerudi. Mama alizungumza, binti akaandika: "Kasumbalesa imefungwa tangu jana. Tuko na magunia 41. Kila nyumba magunia mawili, wote wapate. Bei ni ileile mpaka haya 41 yaishe." Mwalimu aliuliza kama mfanyabiashara mwenye akili ataacha faida ya siku kama ile. Ni swali la haki. Mama alijibu kwamba asingeacha yote; angepandisha gunia jipya litakapokuja na bei mpya, si lile alilokwisha kulinunua kwa bei ya zamani. Binti, aliyesoma mambo hayo, alisema vitabu vinahesabu bei ya gunia utakalonunua, si ya lile ulilolinunua. Nadhani binti ana hoja ya hesabu na Mama ana hoja ya wateja, na hawakukubaliana.

Iliyobaki ni bei. Kwa binti, "bei inboksi" ni silaha: jirani wa ng'ambo ya barabara akiiona bei, anapunguza faranga mia tano kabla ya saa sita. Hilo hutokea, Mama alithibitisha. Lakini mama wa malewa, ambaye sasa alikuwa ameketi, alisema jambo ambalo kila mnunuzi wa mji huu analijua.

MAMA WA MALEWA: Mtu akiniambia "bei inboksi", najua anataka kwanza kuona jina langu. Aone kama mimi ni mke wa mtu wa mgodi au mpishi wa malewa, ndipo aseme.

MAMA: Mimi sifanyi hivyo.

MAMA WA MALEWA: Wewe hufanyi. Statu yako inafanya.

Mwalimu aliongeza habari ya dola. Mwishoni mwa 2025, faranga ilipopanda ghafla mbele ya dola, maduka mengi yaliendelea kuhesabu kwa kiwango cha zamani pale kilipowafaa. Mteja aliyekuja na dola hakujua atabadilishiwa kwa ngapi hadi afike kaunta, na hapo bado anaweza kuambiwa noti yake ina mpasuko mdogo haipokelewi. Alitaka statu itaje kiwango cha siku na hali ya noti. Mama alikubali kiwango kitajwe kinapobadilika, na noti akasema ataongeza mara moja kwa wiki, kwa sababu ukiandika kila siku "hatupokei zilizopasuka" unakuwa tena mlinzi wa mlangoni.

Kuhusu bei yenyewe walifika nusu ya njia. Unga utatajwa bei waziwazi, kwa gunia. Ndakala hawatatajwa bei, kwa sababu huuzwa kwa mafungu, na fungu hubadilika kwa ukubwa wa samaki. Hapo Mama ataandika tu kwamba wamefika. Jirani wa ng'ambo atafanya atakavyo.

Kisha kazi ikaanza. Mzee aliweka kanuni moja tu: binti asome kila mstari kwa sauti akimtazama mama wa malewa usoni, na mstari ambao hawezi kuutamka bila kuona haya ufutwe. "Promo, promo, promo" aliisoma, akacheka, akafuta. "Namba moja mjini" ikafutwa. "Bei ya kutupa" ilimgomea midomoni, na mama wa malewa akauliza, "Unatupa wapi, mwanangu?" "Usiambiwe" ilifuata. Alama za mshangao zilihesabiwa zikaondolewa zote, na herufi kubwa zikabaki mwanzoni mwa sentensi tu. Kijana wa simu alikumbusha kwamba statu ya maandishi inapokea herufi 700, lakini ukizijaza zote herufi hujibana zikawa ndogo, na kina bibi hawataziona. Tukakubaliana ujumbe usizidi nusu ya hizo.

Mabishano ya mwisho yalikuwa juu ya siku. Binti aliandika "Jumamosi". Mama akasema hapa watu wanasema siku ya posho. Mzee akamkumbusha mtoto kwa nini: enzi za Union Minière, hiyo ndiyo siku wafanyakazi walipopewa chakula chao cha wiki, unga ukiwemo. "Duka la unga," alisema, "likiacha kusema siku ya posho, nani ataisema?" Mwalimu hakupinga. Alirekebisha tu koma mbili.

Hii ndiyo statu ya kwanza, ilivyotumwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni, umeme ukiwa umerudi na watu wamefika nyumbani:

"Jambo yenu bote. Bunga ya rola ilifika leo asubui, magunia 30. Gunia ya kilo 25 ni 45,000 faranga, bei hii mpaka siku ya posho. Meka iko pia. Brekfasti hatuna, tunaingoya siku ya tatu, kama lori itapita Kasumbalesa. Ndakala wamefika. Aksanti. Mama wa duka."

Maneno hayo yalikuwa chini ya picha moja: meka iliyosawazishwa kwa kijiti, na mkono wa Mama pembeni. Picha ya mkono ilikuwa wazo la binti, na ni zuri kuliko yote tuliyosema sisi wazee. Kila mteja anaujua mkono ule na pete yake ya shaba. Anajua pia kwamba kitako cha meka ile hakijabonyezwa kwenda juu ili kiibe unga, kwa sababu Mama huligeuza bati mbele yake kabla ya kupima.

Sentensi niliyoipenda ni ile ya "hatuna". Binti aliipinga kwa muda mrefu. Alisema hakuna chuo kinachofundisha kutangaza kitu usichokuwa nacho. Lakini mtu wa Ruashi anayetaka brekfasti atakuwa ameokoa nauli ya kuja na kurudi, na siku ya tatu atakuja akiwa na hakika.

Wakati huohuo Mama alianza kumwomba kila mwenye jina la bluu kwenye daftari ahifadhi namba ya duka, pale pale kaunta, na yeye akahifadhi ya kwake. Ilimchukua wiki mbili. Mteja mmoja alikataa. Alisema hataki duka lijue anaweka picha gani za watoto wake. Mama alimwambia sawa, na akamwongezea kiganja kama kawaida.

Binti bado anaweka statu ya pili baadhi ya siku, na mara moja moto mmoja umerudi. Sikusema kitu. Mama wa malewa amerudi kununua, ingawa ndakala bado anawachukua sokoni. Jirani wa ng'ambo alipunguza faranga mia tano siku ya pili, kama ilivyotabiriwa, na wateja wachache walivuka barabara.

Ijumaa saa tisa alasiri magunia thelathini yalikwisha. Binti alifuta statu ya bei ya siku hiyo, akaandika nyingine: "Rola imeisha. Aksanti kwenu. Ingine siku ya pili." Ile iliyosema duka halina rola ilionwa na watu 88, na kumi na mmoja kati yao waliandika kuomba wawekewe gunia.